Meseji ya kwanza kwa mliyependana mtandaoni: salamu, sifa, makisio au swali la kuchagua?

Mkishapendana kwenye Tinder au Bumble, yaani kila mmoja ametelezesha picha ya mwenzake kulia, mlango umefunguka na mtu mmoja inabidi aongee. Mazungumzo mengi hufia hapo hapo. Aliyeandikiwa anafungua simu, anasoma, haoni cha kushika, anaiweka chini na kusema atajibu baadaye. Baadaye haifiki.

Tutalinganisha meseji sita zinazoweza kutumwa kwa mtu mmoja. Tutakachoangalia kwa kila moja ni hiki: ili ajibu, anatakiwa afanye kazi kiasi gani, na jibu lake linawapeleka wapi.

Profaili tunayoitumia ni ya kutunga, ila vilivyomo ni vya kawaida. Mwanamke wa miaka 29, Dar es Salaam. Picha ya kwanza ni ya uso. Ya pili yuko Forodhani, Unguja, usiku, ameshika bakuli la urojo. Ya tatu yuko mlimani, buti zina matope, na nyuma yake kwenye ukungu inaonekana minara ya mawasiliano. Ya nne yuko harusini na wenzake watano, wote wamevaa sare ya kitenge kimoja. Chini ameandika: "Mhasibu. Napika vizuri kila kitu isipokuwa chapati. Sipendi watu wanaochelewa."

Meseji zenyewe ni hizi:

A. "Mambo"

B. "Habari mrembo. Umeumbwa ukaumbika, picha zako zimenimaliza."

C. "Habari yako. Naona unapenda milima na mapishi. Niambie zaidi kuhusu wewe."

D. "Habari za jioni. Kwenye hizo chapati ulizoandika, kinachokushinda ni duara au ulaini?"

E. "Habari za jioni. Kwa minara hiyo nyuma yako mlimani, nakisia ni Bondwa. Nimepatia, au ni Usambara?"

F. "Habari za leo. Ijumaa nitakuwa Unguja. Huo urojo wa pichani, nianzie hapo hapo Forodhani au kuna mahali unaniambia niende moja kwa moja?"

Salamu peke yake (A)

Kwa Kiswahili salamu ina jibu lake lililokwishapangwa. "Mambo" inajibiwa "poa". Ukiongeza "za wewe", unapata "salama". Unauliza yuko wapi, anakwambia nyumbani. Unauliza anafanya nini, anakwambia amepumzika. Mmeshatumiana meseji nane na hakuna hata mmoja aliyemjua mwenzake zaidi ya alivyomjua kabla ya kuanza. Na yeye huenda anazo "mambo" nyingine kadhaa kwenye simu, zote zinafanana, kwa hiyo hata akijibu hakumbuki ni nani kati yenu.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, wakiongozwa na Gareth Tyson, walitengeneza profaili zao kwenye Tinder na kupima jumbe walizopokea. Ukizipanga jumbe za wanaume kwa urefu, ile ya katikati kabisa ilikuwa na herufi 12. Andika "Mambo mrembo" uhesabu pamoja na nafasi: ni 12 kamili. Kwa wanawake, ujumbe wa katikati ulikuwa na herufi 122, yaani sentensi mbili hivi. Kwa hiyo ukiandika sentensi mbili zenye kitu ndani yake, tayari umejitenga na wengi.

Hata hivyo usiiondoe salamu. Kwa wengi wetu, na hasa Pwani na kwa waliovuka miaka thelathini, mtu anayeanza na swali bila salamu anaonekana hana adabu. Kinachotakiwa ni salamu na swali vikae kwenye meseji moja, salamu ikiwa ya maneno mawili au matatu tu. Kuna sababu ya simu pia: taarifa inayotokea juu ya kioo huonyesha maneno machache ya mwanzo. Ukijaza hapo "Habari za jioni, natumai u mzima wa afya na unaendelea vizuri na majukumu", swali lako halionekani mpaka afungue, na hajaona sababu ya kufungua.

Chagua salamu inayomweka mtu mahali pake. "Shikamoo" kwa mwanamke aliyekuzidi miaka sita inamweka kwenye kiti cha shangazi, na hapo hatoki. "Dada" kwa Dar es Salaam ni heshima nzuri dukani, lakini kwa mtu unayetaka kumchumbia inasikika kama umeshajitoa. "Kaka" kutoka kwa mwanamke ina tatizo hilo hilo. Jina lililoandikwa kwenye profaili linatosha: "Habari za jioni" na jina lake. Na andika maneno kamili. "Vp, uko pw?" na "xaxa" huenda vikapita kwa mtu wa miaka 20, lakini mhasibu wa miaka 29 ataona haraka ya mtu anayetuma kwa watu wengi kwa mpigo.

Sifa ya sura (B)

Meseji B ina maneno mengi kuliko A, lakini kazi inayompa msomaji si nyepesi. Jibu la kawaida ni "asante", na "asante" inafunga mazungumzo. Akitaka kuendelea inabidi atafute mada mwenyewe, kwa mtu ambaye hajaonyesha anapenda nini zaidi ya sura. Wengi hawafanyi hivyo, na wengine huanza kujihami.

Mtandao wa OkCupid wa Marekani ulichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa jumbe za kwanza zaidi ya 500,000 za watumiaji wake. Sifa za sura zilipunguza nafasi ya kujibiwa, na vifupisho vya uandishi wa simu vilipunguza pia. Vilivyosaidia ni vipande vya maneno vinavyoonyesha kwamba mwandishi amesoma, mfano kutaja kitu ambacho mwenye profaili ametaja mwenyewe. Takwimu hizo ni za Kiingereza na za mtandao wa wakati ule, kwa hiyo asilimia zake hatuzihamishii Dar es Salaam wala Nairobi. Mwelekeo wake ndio unaoeleweka hata huku.

Ukitaka kusifia, sifia alichochagua, kisha uliza. Profaili yetu ina picha ya harusi: "Habari. Hiyo sare ya kitenge mmeitendea haki. Mlishona kwa fundi mmoja au kila mtu na fundi wake?" Kila aliyewahi kuvaa sare anajua kinachotokea kila mtu akienda kwa fundi wake, kwa hiyo jibu linakuja na kisa. Sifa imo na haijamgusa mwili.

Mambo mawili na "niambie zaidi" (C)

Meseji C ndiyo inayowapoteza watu makini. Mwandishi amesoma profaili, ametaja milima, ametaja mapishi, ameandika kwa adabu. Halafu akamwachia kazi yote. "Niambie zaidi kuhusu wewe" inataka insha: aanze na wapi, kazi, familia, au dini? Kujibu vizuri kunahitaji utulivu, na utulivu saa moja usiku kwenye daladala haupo. Anaiahirisha, na meseji iliyoahirishwa inashuka chini ya nyingine.

Kutaja vitu viwili kwa pamoja nako kunapunguza nguvu. Kitu kimoja kinasikika kama umevutiwa nacho. Viwili au vitatu vilivyopangwa vinasikika kama umemkagua. Kuna tatizo jingine: "unapenda milima" ni jumla, mtu yeyote aliyeona picha moja anaweza kuandika. Buti zenye matope na minara kwenye ukungu haviwezi kuandikiwa mtu mwingine.

C inaokoka kwa kuipunguza. Swali linaweza kubaki wazi, ilimradi liwe jembamba: "Habari yako. Kati ya milima uliyopanda, upi ulikutesa zaidi?" Hapo jibu ni jina la mlima, na akipenda anaongeza kisa.

Swali la kuchagua (D)

Kwa mwanzo wa mazungumzo, hii ndiyo tunayoipendekeza kabla ya nyingine zote, kwa sababu tatu.

Kwanza, chapati ameziandika yeye mwenyewe, tena kwa kujitania. Mtu anayejitania hadharani anakaribisha watu waingie hapo. Pili, wengi watakimbilia picha ya Unguja au ya mlima, kwa sababu picha huonekana kabla ya maandishi. Chapati imejificha kwenye mstari mmoja, na kuitaja kunaonyesha umefika chini ya profaili. Tatu, jibu ni neno moja, na anaweza kuliandika akiwa amesimama kwenye foleni. Tena lipo jibu la tatu ambalo hukuliandika, "vyote viwili", na watu hupenda kulitoa hilo.

Swali la kuchagua huharibika kwa njia zinazotambulika. "Bahari au mlima?" halina uhusiano na mtu huyu, ni la kunakili. "Wewe ni wa ndoa au wa starehe?" linampima, na akijibu lolote amejiweka kwenye mzani wa mtu asiyemjua. Njia nyingine ni pale uchaguzi mmoja unapokuwa wa aibu: "Hujui kupika chapati kwa uvivu au hukufundishwa?" Duara na ulaini havimwaibishi mtu. Chapati za wapishi hodari nazo hutoka zimepinda.

Fuatilia inavyokwenda. Anajibu: "Vyote 😂 zikipata duara zinakuwa ngumu kama sahani."

Sasa meseji ya pili ndiyo inayoamua. Jibu zuri lingekuwa hivi: "Ugumu mara nyingi ni donge kuwa kavu au kutopumzishwa. Likande laini, lifunike nusu saa ndipo usukume. Duara mimi nimeshindwa, zangu zinatoka ramani ya Afrika. Kwenu fundi wa chapati ni nani?"

Humo kuna vitu vitatu kwa mpangilio. Amejibiwa alichosema, kwa taarifa ya kweli. Amepewa kitu kidogo cha upande wa pili, kwamba na yeye duara linamshinda. Kisha limekuja swali jingine jepesi, linaloelekea kwa watu wake bila kuuliza ukoo. Ushauri wa mapishi umeishia sentensi mbili, na zaidi ya hapo ungekuwa somo ambalo hakuliomba.

Jibu baya kwa meseji ile ile ni hili: "Sasa mumeo atakula nini?" Au hili: "Mwanamke wa Kitanzania bila chapati?" Wanaoandika hivyo hudhani wanatania. Yeye anasoma kwamba mtihani wa kuolewa umeanza kwenye meseji ya pili. Mazungumzo yaliyoanza vizuri kwa D hukatika hapa mara nyingi, na mwandishi hubaki akilaumu meseji ya kwanza ambayo haikuwa na kosa.

Makisio (E)

Makisio yana faida ambayo swali la kawaida halina: mtu akiona umekosea, mkono unamwasha kukusahihisha. "Hapana, hiyo ni Lushoto" inaandikika haraka. Bondwa ni kilele cha Uluguru juu ya mji wa Morogoro, na kina minara ya mawasiliano, kwa hiyo anayekisia hivyo ameonyesha kwamba aliitazama picha mpaka nyuma ya mtu. Makisio yenye ushahidi yana uzito kuliko "nakisia unapenda kusafiri".

Hatari ya E ni kupatia. Ukiandika "Hii ni Bondwa, sivyo?" na ikawa ndiyo, atajibu "Ndiyo", na mmefika ukutani. Ndiyo maana meseji yetu ina mkia, "au ni Usambara?", unaomfanya atoe jina. Mkia mwingine unaofaa zaidi kama una uhakika na mahali: "Hiyo minara nyuma yako ni ya Bondwa. Matope hayo ni ya kupanda au ya kushuka?" Aliyewahi kushuka njia ya mlima mvua ikiwa imenyesha ana la kusema.

Kisia mahali, chakula, timu, chombo cha muziki, aina ya mbwa. Usikisie kabila. "Nakisia wewe ni Mchaga" au "sura hii ni ya Kihaya" ni meseji za kawaida sana, na aliyeandikiwa amezipata mara nyingi. Zinamwingiza kwenye mazungumzo ya kabila kabla hamjajuana majina. Umri, dini, mshahara na kama ana mtoto viache pia. Akiwa na mtoto pichani, huenda ni wa dada yake, na ukikosea hapo kusahihisha hakumfurahishi tena.

Ombi la ushauri mdogo (F)

F inampa heshima ya kuwa mjuzi, na jibu lake ni jina la mahali. Inafanya kazi kwa sharti moja gumu: safari iwe ya kweli. Akikutajia mahali na wiki ijayo akakuuliza ulionaje, mtu ambaye hakwenda Unguja hana pa kutokea. Kama huna safari, geuza swali lihusu alichofanya yeye: "Huo urojo wa Forodhani, uliweka pilipili au ulijihami?" Ushauri umeondoka, limebaki swali la kuchagua.

F hukwama kwa namna mbili. Ya kwanza, yeye ni mgeni wa mahali hapo kama wewe. Alikwenda Unguja mara moja tu, na hana la kukushauri. Kabla ya kutuma angalia kama profaili inaonyesha ni mwenyeji au mpitaji. Huyu wetu anaishi Dar es Salaam, kwa hiyo F ni dhaifu kidogo kwake kuliko D. Ya pili, ombi linakuwa kubwa: hoteli, usafiri, bei, mahali pa kula siku mbili. Hapo umemfanya wakala wa safari. Omba kitu kimoja kinachojibika kwa maneno matano.

Zikiwekwa bega kwa bega, meseji zinazobaki mezani ni hizi:

| Meseji | Anachotakiwa kufanya ili ajibu | Inapokwama | Itumie lini |
|---|---|---|---|
| C iliyopunguzwa: swali wazi na jembamba | Kukumbuka tukio moja | Swali likipanuka kuwa insha | Profaili ina shughuli anayoifanya mara kwa mara |
| D: swali la kuchagua | Kuchagua neno moja | Uchaguzi usiomhusu au wa aibu | Ameandika jambo la kujitania au mazoea yake |
| E: makisio | Kuthibitisha au kusahihisha | Ukipatia bila mkia | Picha ina ushahidi wa mahali au kitu |
| F: ushauri | Kutaja jina moja | Safari ya uongo, ombi kubwa | Ni mwenyeji au mjuzi wa jambo hilo |

Kitu kipi cha kuchukua kwenye profaili

Maandishi kwanza, picha baadaye. Alichokiandika amekusudia kisomwe, wakati picha nyingine ziliwekwa kwa sababu ametoka vizuri tu. Kwenye picha, acha ile ya kwanza, maana hiyo ndiyo kila mtu anaizungumzia. Nenda ya tatu au ya nne, na humo tafuta kitu kilichoshikwa mkononi, kilichovaliwa miguuni au kilichopo nyuma.

Lalamiko lake usianze nalo. Profaili yetu inasema "Sipendi watu wanaochelewa", na vidole vinatamani kuandika "Na wewe hujawahi kuchelewa?" Hata kama unatania, yeye hasikii sauti yako, anasoma maneno tu. Meseji ya kwanza imekuwa ubishi. Mstari huo uwekee akilini mtakapopanga kukutana, ufike mapema.

Kuna vitu vinavyoonekana ambavyo hupaswi kuvitaja kabisa: nembo ya ofisi kwenye kitambulisho alichovaa, jengo unalolitambua mtaani kwao, namba ya gari, sare ya shule ya mtoto. Umeviona, lakini kuvitaja ni kumwambia mgeni kwamba unajua pa kumpata. Hali kadhalika chochote ulichokipata nje ya profaili, mfano kwa kumtafuta Instagram. "Nimeona ulikuwa Arusha mwezi uliopita" wakati profaili haikusema hivyo inamtia hofu, na hofu hiyo ina haki.

Programu inabadilisha sentensi

Kwenye Tinder, kwa kawaida, meseji inafika baada ya kupendana, na anaweza kuisoma bila profaili yake wala yako kuwa mbele ya macho. Kwa hiyo taja kitu kwa jina na alama: "hizo chapati ulizoandika", "minara hiyo nyuma yako mlimani". Ukiandika tu "Duara au ulaini?" hatajua unaongelea nini, na hatarudi kutafuta.

Hinge iko kinyume. Pale unapenda picha moja au jibu moja la profaili na kuandika maoni yako papo hapo, kabla hamjapendana. Maoni yanamfikia yakiwa yamebandikwa kwenye kitu chenyewe. Hapo "Duara au ulaini?" inaeleweka peke yake chini ya mstari wa chapati, na salamu ndefu inapoteza nafasi. Uzito wake ni mkubwa pia, kwa sababu anaitumia kuamua kama akukubali, si kama akujibu tu.

Bumble, kwa mwanamke na mwanamume, imejengwa ili mwanamke aanze, na ana saa 24 kabla uhusiano huo haujafutika. Kwa haraka hiyo wanawake wengi nao huangukia "Hi" na "Mambo". Tuchukue profaili ya mwanamume wa Nairobi, miaka 33, ana baiskeli msituni Karura, na ameandika "Arsenal, mnisamehe." Arsenal ataandikiwa na kila mtu, na majibu yake yameshazoeleka. Chukua baiskeli: "Sasa! Hiyo baiskeli ya Karura ni yako au ni ya kukodi?" Akisema yake, kuna swali la anakopanda. Akisema ya kukodi, ni rahisi kusema mkakodi mbili.

Tangu mwaka 2024 Bumble inamruhusu mwanamke kuweka swali moja linalowafikia wote aliopendana nao, nao ndio wanaanza kwa kulijibu. Kwa mwanamke hii inaokoa muda lakini haina kitu cha mtu binafsi ndani yake, kwa hiyo aweke swali jembamba. "Chakula gani ulichokula mara moja ukaapa hurudii?" linaleta majibu yanayotofautiana, "Unatafuta nini hapa?" linaleta jibu lile lile kwa watu wote. Kwa mwanamume anayejibu, jibu swali kwa sentensi moja, kisha ongeza kitu kimoja cha profaili yake na swali. Ukijibu swali lake tu, mpira umerudi kwake bila hewa.

Profaili isiyo na maandishi

Ukikuta picha tatu za uso na hakuna neno, angalia vitu alivyochagua kwenye orodha ya mambo anayopenda, kama vipo. Neno "kahawa" au "mazoezi" ni pana mno, lipunguze: "Habari za asubuhi. Kahawa yako ni ya kutengeneza nyumbani au ni kisingizio cha kutoka?" Kama hata hayo hakuna, tumia kilichopo kwenye picha, hata rangi ya ukuta wa mkahawa au kikombe. Pasipo chochote, swali la kuchagua lihusu muda wenyewe, mfano Ijumaa jioni: "Habari za Ijumaa. Leo ni siku ya kutoka au ya kulala mapema?" Ni dhaifu kuliko D, lakini ina jibu la neno moja na inakupa kitu cha kuendelea nacho. Usimlaumu kwa kutoandika. "Mbona profaili yako tupu?" ni lalamiko kwa mtu usiyemjua.

Akinyamaza

Siku mbili au tatu zipite. Kisha tuma meseji moja zaidi, yenye kitu kipya, isiyotaja ukimya wake: "Leo nimejaribu chapati, badala ya duara imetoka ramani ya Madagaska. Zako wiki hii vipi?" Iwe kweli umezipika. "Mbona hujibu?", "Unaringa?" na alama ya kuuliza iliyotumwa peke yake vinamtaka ajieleze kwa mtu ambaye bado hajamdai chochote, na wengi hujibu kwa kuondoa uhusiano. Baada ya hiyo ya pili hakuna ya tatu.